Ujumbe upo, protini haipo

(Saa nne usiku, chumba cha kusomea hosteli. Rehema na Juma wanasoma baiolojia ya molekuli mwaka wa tatu. Mezani kuna karatasi ya maswali na chai iliyopoa.)

JUMA: Nisomee tena, taratibu.

REHEMA: Hamira mbili, ya kawaida na mutanti, zimewekewa kemikali ya 3-AT ili zipate shida kujitengenezea histidini, mojawapo ya asidi amino. Ya kawaida inaota, mutanti haioti. mRNA ya GCN4 iko sawa kwa zote mbili. Kwenye westani, kile kipimo cha protini, ya kawaida ina bendi nene ya Gcn4, protini inayowasha jeni za kutengeneza asidi amino. Ya mutanti ni kivuli tu. Eleza.

JUMA: Mbona rahisi? Kodoni ya kusimama imeingia katikati ya jeni, protini inakatika.

REHEMA: Ikiingia mapema, mara nyingi seli huivunja na mRNA yenyewe. Hapa mRNA haijapungua. Halafu soma mstari wa chini: jeni ya GCN4 ya mutanti imesomwa yote, haina herufi iliyobadilika.

JUMA: Aa. Huo sikuuona.

REHEMA: Lini uliwahi kuuona mstari wa chini?

JUMA: Haya basi, inatengenezwa halafu inavunjwa. Gcn4 haidumu, seli ikishiba huondolewa ndani ya dakika chache. Mutanti anaivunja haraka kupita kiasi.

REHEMA: Na mimi nilianzia huko. Tazama safu ya tatu ya jeli, wamezuia proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini. Kama tatizo ni kuvunjwa, hapo protini ingerundikana.

JUMA: Bado kivuli. Au kingamwili ndiyo mbovu?

REHEMA: Imeshika vizuri kwa ya kawaida, na protini ni ile ile.

JUMA: Basi ribosomu za mutanti hazifanyi kazi.

REHEMA: Zingekuwa hazifanyi kazi, angeotaje kwenye chakula kamili? Na bendi ya aktini hii hapa, nene kama ya mwenzake. Shida iko kwa GCN4 peke yake.

(Kimya. Juma anageuza karatasi.)

JUMA: Rehema, kuna jaribio nyuma! Mbele ya jeni kuna sehemu ya nyukliotidi karibu 600, na ndani yake vijisehemu vinne vyenye AUG zao, kodoni za kuanzia, kila kimoja kodoni mbili au tatu tu. Wameziharibu AUG zote nne ndani ya mutanti, Gcn4 ikarudi tele.

REHEMA: Ngoja. Kumbe mutanti anaweza kuitengeneza! Vijisehemu ndivyo vinamzuia.

JUMA: Lakini hata hamira ya kawaida anavyo.

REHEMA: Anavyo, ila akikosa asidi amino anavipita. Fikiria daladala. Ribosomu ni gari, AUG ni kituo, kondakta ni protini eIF2 aliyebeba tRNA ya kuanzia. Bila kondakta gari halisimami kituoni. Kituo cha kwanza linasimama, kondakta anashuka, gari linaendelea tupu. Makondakta wakiwa wengi barabarani, linapata mwingine upesi, linasimama kituo cha nne, na hapo safari inakufa. Wakiwa wachache, linakipita cha nne likiwa bado tupu, linampata kondakta mbele kidogo, linasimama GCN4.

JUMA: Yaani njaa inapunguza makondakta, protini nyingine zinashuka, hii inapanda?

REHEMA: Ndiyo. Kinachowapunguza ni kimeng'enya Gcn2. Ikiona tRNA zisizobeba asidi amino, inaweka fosfeti kwenye eIF2, serini ya 51, na eIF2 inakwama.

JUMA: Kwa hiyo mutanti hana Gcn2. Ana njaa, lakini makondakta wamejaa barabarani, kila gari linaishia kituo cha nne. mRNA kamili, protini hakuna. Naandika: jeni iliyoharibika ni GCN2.

REHEMA: Usiandike kwanza. Kama GCN2 ni nzima, ila kwenye eIF2 serini ya 51 imegeuzwa alanini?

JUMA: Fosfeti haina pa kukaa. Matokeo yatafanana.

REHEMA: Yatafanana hadi kwenye sahani.

JUMA: Tupime westani kwa kingamwili ya eIF2 yenye fosfeti?

REHEMA: Wote wawili hawataonyesha bendi.

JUMA: Mh. Basi tumpe plasmidi yenye GCN2 nzima, tumrudishe kwenye 3-AT. Akiota, jeni ni hiyo. Asipoota, tunampa ya eIF2.

REHEMA: Hapo sawa. Na mwingine awekewe plasmidi tupu, maana mwalimu atauliza.

JUMA: Tupu ya nini tena?

REHEMA: Andika tu, Juma. Ukifika nusu ya ukurasa utajua mwenyewe.