Majibu ya usaili: nafasi ya mhasibu msaidizi

Ndugu Rehema,

Habari za kazi. Nafasi ya mhasibu msaidizi uliyosailiwa Jumanne iliyopita tumempa mwombaji mwingine. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua nzima roho ikiwa juu.

Aliyechaguliwa amezoea kufunga hesabu za mwezi bila kusimamiwa, nasi tunahitaji mtu wa kuianza kazi hiyo mara moja. Hapo ndipo mlipopishana. Elimu yako inatosha kabisa kwa nafasi hii.

Uliuliza mwishoni jaribio lako lilikwendaje. Katika kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, uliziona tofauti zote, jambo ambalo wengi hawakuliweza. Ulikwama kwenye kuzirekebisha. Zile hundi mbili ambazo hazijawasilishwa benki ulizitoa tena kwenye daftari, ilhali zilishaandikwa humo siku zilipotolewa. Zilipaswa kupunguzwa kwenye salio la taarifa ya benki. Makato ya benki ndiyo ya kuingizwa kwenye daftari, kwa sababu benki imeshayakata na sisi hatujayaandika. Kila ukikutana na tofauti, jiulize kwanza: ni nani bado hajaiandika? Rekebisha upande huo.

Kisha ile tofauti ya 180 ilikumalizia muda, ukawa unapitia mstari mmoja mmoja. Tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki mara nyingi ni dalili kwamba tarakimu mbili zilizo jirani zimebadilishana nafasi. Si uthibitisho, lakini ni pa kuanzia kutafuta. Kwenye jaribio, 5,420 iliandikwa 5,240. (Nakiri tuliitega makusudi.)

Kwenye mazungumzo, tulipouliza kuhusu ukaguzi wa hesabu kazini kwako, ulijibu "tuliandaa", "tulirekebisha", "tuliwasilisha". Ni uungwana kutojitwalia sifa za wenzako, ila sisi tulibaki bila kujua mkono wako ulikuwa wapi. Safari nyingine taja kazi moja uliyoifanya mwenyewe, hatua kwa hatua, na kilichobadilika baada yake.

Kuna kitu nisingependa ukibadilishe. Ulipoulizwa kuhusu kuthamini bidhaa zilizo ghalani, ulisema wazi kwamba hujawahi kuifanya kazi hiyo, ukaeleza ungemuuliza nani na ungeanzia nyaraka zipi. Wasaili wote watatu waliliandika hilo kama jambo zuri.

Sina nafasi nyingine ya uhasibu kwa sasa, kwa hiyo sitakuweka kwenye matumaini. Ukipata kazi kwingine, ichukue. Nimeambatanisha karatasi yako ya jaribio pamoja na maelezo yangu pembeni. Kama kuna usipoelewa, jibu barua pepe hii tupange kuzungumza kwa simu, robo saa hivi. Mazungumzo hayo hayatabadilisha uamuzi, ila nitakujibu utakachouliza kuhusu jaribio.

Asante kwa muda wako na kwa maandalizi uliyoyafanya.

Wako,
Msimamizi wa Idara ya Uhasibu