Barua ya Uthibitisho wa Kipato: Muuza Dagaa wa Soko la Mwaloni

Veronika Masalu Kulwa,
Soko la Samaki Mwaloni,
Kata ya Kirumba, Ilemela,
MWANZA.

9 Juni 2025

Meneja wa Tawi,
Benki ya NMB,
MWANZA.

Ndugu Meneja,

YAH: UTHIBITISHO WA KIPATO CHANGU KWA AJILI YA MAOMBI YA MKOPO WA SHILINGI 2,000,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria katika Soko la Mwaloni, Kirumba, tangu mwaka 2016. Sina mwajiri, kwa hiyo sina hati ya mshahara ya kuwaletea. Badala yake naeleza hapa kipato changu cha miezi 12, kuanzia Juni 2024 hadi Mei 2025, na namna kila tarakimu inavyoweza kuhakikiwa.

Nanunua dagaa kwa gunia kutoka kwa wavuvi na wachuuzi wanaoshusha mzigo kwa boti kutoka visiwa vya Ukerewe, nauza kwa gunia kwa wafanyabiashara wanaosafirisha mikoani na nchi jirani, hasa Kongo na Burundi. Rejareja ya sado naifanya kidogo, gunia linapobaki bila mnunuzi, na imo ndani ya mauzo ninayotaja.

Katika miezi hiyo 12 nimeuza magunia 212 kwa wastani wa shilingi 210,000 kila moja. Mchanganuo kwa kila miezi mitatu ni huu:

Juni hadi Agosti 2024: magunia 70, mauzo 14,700,000, gharama ya kununua 11,550,000.
Septemba hadi Novemba 2024: magunia 54, mauzo 11,340,000, gharama ya kununua 9,180,000.
Desemba 2024 hadi Februari 2025: magunia 52, mauzo 10,920,000, gharama ya kununua 8,840,000.
Machi hadi Mei 2025: magunia 36, mauzo 7,560,000, gharama ya kununua 6,480,000.

Jumla ya mauzo ni shilingi 44,520,000 na mzigo uligharimu 36,050,000, tofauti ikiwa 8,470,000. Hiyo bado si faida. Boti, wapagazi na ushuru huchukua shilingi 9,000 kwa gunia, jumla 1,908,000. Stoo nalipa 40,000 kwa mwezi, jumla 480,000. Kodi ya makadirio nimelipa TRA kwa awamu nne za shilingi 350,000, jumla 1,400,000. Kilichobaki mkononi ni shilingi 4,682,000 kwa mwaka, yaani wastani wa 390,000 hivi kwa mwezi.

Naomba wastani huo msiupime kama mshahara, maana hakuna mwezi hata mmoja uliolingana nao. Juni hadi Agosti, jua likiwa kali na dagaa wakikauka vizuri, nilibakiwa na shilingi 2,050,000. Septemba hadi Novemba ikawa 1,204,000, na Desemba hadi Februari 1,142,000. Masika, Machi hadi Mei, nilibakiwa na 286,000 tu kwa miezi yote mitatu. Mvua ikinyesha dagaa hawakauki. Wanaooza au kubadilika rangi huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na wanaofika sokoni wakiwa safi huwa wachache na ghali kununua.

Ndani ya mwezi wenyewe pia kipato hupanda na kushuka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa haukusanyi dagaa, na mitumbwi mingi hupumzika. Atakayesoma daftari langu ataona siku za kila mwezi zisizo na ununuzi wowote. Hazikupotea wala sikuwa mgonjwa. Mfano wa karibuni ni kuanzia tarehe 9 hadi 16 Mei 2025: mwezi ulikuwa mpevu tarehe 12. Afisa wenu akichukua kalenda na kulinganisha, atakuta mapengo yote yanaangukia hapo. Nalitaja hili kwa sababu daftari la kuandikwa kwa mkono ni rahisi kulitilia shaka, na daftari lililotungwa siku moja mezani lisingekuwa na mapengo ya aina hiyo.

Kuhusu taarifa ya M-Pesa niliyoambatisha: inaonyesha kuwa katika kipindi hicho nilipokea shilingi 19,860,000. Si zote ni zangu. Shilingi 4,300,000 zilikuwa za akina mama wawili wa Shinyanga wanaonituma niwanunulie mzigo. Inaingia kwangu na kutoka, na kwa kawaida hutoka siku hiyohiyo au inayofuata. Shilingi 900,000 nilitumiwa na mwanangu aliyeko Dodoma kwa matumizi ya nyumbani. Miamala hiyo nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu na sikuihesabu popote katika barua hii. Mauzo yaliyopitia kwenye simu ni 14,660,000. Yaliyobaki, shilingi 29,860,000, nililipwa taslimu. Wateja wa Kongo na Burundi karibu wote hulipa taslimu.

Fedha ya chakula cha nyumbani huchukuliwa mezani kila jioni, lakini baada ya mauzo ya siku kuandikwa. Kwa hiyo haijapunguza tarakimu za juu, na matumizi ya familia yanatoka ndani ya zile 4,682,000. Mume wangu ni fundi uashi na ndiye anayelipa ada za shule. Kipato chake sikukiingiza hapa kwa kuwa yeye si mwombaji.

Sina mkopo benki nyingine wala kwa kampuni za mikopo ya simu. Katika kikoba chetu cha hapa sokoni naweka hisa za shilingi 10,000 kila wiki, na mkopo niliokopa huko mwaka jana niliumaliza Januari 2025, kama kitabu changu kinavyoonyesha.

Fedha ninayoomba ni ya kununulia mzigo wa kiangazi hiki na kuuhifadhi hadi bei ya kununua itakapopanda. Kwa kuwa nimeeleza masika yalivyo, naomba pia ratiba ya marejesho iifuate biashara: rejesho kubwa kati ya Juni na Februari, na dogo kati ya Machi na Mei. Rejesho la shilingi 135,000 kila mwezi nalimudu kwa miezi tisa ya mwaka. Kuahidi hivyo kwa masika kungekuwa kuwadanganya.

Niko tayari afisa wenu afike mezani kwangu bila kunitaarifu. Asubuhi kati ya saa 12 na saa 4 ndipo mzigo unaposhushwa, na ataona mwenyewe ninavyonunua. Simu yangu iko kwenye fomu ya maombi.

Nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli kwa kadiri ya kumbukumbu zangu, na nimeyaapia mbele ya wakili kama hati iliyoambatishwa inavyoonyesha.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Veronika Masalu Kulwa

Viambatisho:
Nakala ya kitambulisho cha taifa na cheti cha TIN
Nakala za daftari la mauzo na manunuzi, Juni 2024 hadi Mei 2025 (daftari lenyewe nitakuja nalo)
Taarifa ya miamala ya M-Pesa ya miezi 12
Risiti nne za kodi na risiti za stoo
Nakala ya kitabu cha kikoba
Barua ya uongozi wa soko na barua ya utambulisho ya Afisa Mtendaji wa Mtaa, zote zenye muhuri
Hati ya kiapo