Nguo 31 Ukutani: Hesabu Yangu ya Mwaka 2024

Leo ni Januari mosi 2025, sikukuu, na nimo ofisini. Anayeshona sare za shule hana mwaka mpya wa kupumzika. Shule zinafunguliwa tarehe 13, na kwenye daftari nina watoto 38 wanaosubiri mashati meupe na sketi za bluu. Mafundi wangu wawili nimewaambia waje saa nne, kwa hiyo nina saa mbili za utulivu, chai ya rangi na madaftari ya mwaka mzima mezani. Kila mwaka najiahidi nitakaa niyasome. Huu ndio mwaka wa kwanza nimeyasoma kweli.

Kwa wasionifahamu, nashona nguo hapa Morogoro, kwenye fremu moja ya kodi ya 80,000 kwa mwezi. Nina vyerehani viwili vya umeme, kimoja cha miguu alichoniachia mama, na ovaloki ambayo ikipata joto inakula uzi. Huu ni mwaka wa saba.

Naanza na namba. Mauzo ya mwaka 2024 yalikuwa shilingi 13,860,000. Nilipoiona jumla hiyo nikajiona tajiri kwa kama dakika moja hivi. Vitambaa, uzi, zipu na vifungo vilikula 5,120,000. Mafundi, ambao nawalipa kwa kipande, walichukua 3,310,000. Ukiondoa fremu, umeme, nauli, mizigo, matengenezo, kodi ya mapato na leseni, nilibaki na 2,890,000. Igawanye kwa miezi 12, ni kama 240,000 kwa mwezi. Huo ndio mshahara wangu, mimi ninayeitwa bosi. Fundi wangu mkubwa kuna miezi alinizidi.

Sisemi haya kwa kulalamika. Nilikuwa siijui hiyo namba. Miaka sita nimekuwa nikichota hela kwenye droo kadiri ya shida, na mwisho wa mwaka nasema biashara imekuwa ngumu, bila kujua ugumu wenyewe uko wapi.

Mwaka jana niliujua, na niliujua kwa njia ya aibu.

Mwezi Mei nilikwama. Sikukuu ya Idi ilipita Aprili 10, kazi za madera na kanzu zikaisha, mvua zilikuwa hazijatulia, wateja wamekauka. Nilihitaji vitambaa na nilikuwa nadaiwa fremu. Nikaenda kukopa kausha damu. Naandika wazi kwa sababu najua wengi wetu tumepita huko na hatusemi. Nilichukua 500,000, nikarudisha 650,000 ndani ya siku 30. Nililipa kila senti, lakini mwezi ule nilikuwa nikisikia pikipiki nje ya ofisi moyo unapiga.

Sasa twende Julai. Siku moja nilikuwa nafagia ofisi, nikaamua kupunguza nguo zinazoning'inia ukutani maana zinajaza vumbi. Ni nguo zilizokamilika ambazo wenyewe hawajazifuata. Fundi yeyote anaujua ukuta huo. Nikaanza kuhesabu: gauni la kitenge la tangu Februari, suruali tatu za baba mmoja aliyehamishwa kikazi, dera la kijani ambalo nimekaa nalo tangu 2022, magauni mawili ya sherehe iliyoahirishwa. Zilikuwa nguo 31. Nikachukua kikokotoo nikajumlisha kitambaa nilichoweka mwenyewe, ufundi niliokwisha kuwalipa mafundi na salio la kila mteja. Ikaja 562,000.

Nilikaa chini. Hela niliyoikopa kwa riba ya 150,000, na zaidi yake, ilikuwa inaning'inia ukutani kwangu. Niliikopa huku naitazama.

Kuanzia Agosti 1 nikaweka utaratibu: hakuna mkasi unaogusa kitambaa kabla mteja hajatanguliza nusu. Hakuna shemeji, hakuna jirani, hakuna "unanijua mimi". Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko kausha damu yenyewe. Mama mmoja tunayesali naye aliniambia nimebadilika, hela imenipanda kichwani. Sikumjibu. Wateja kama watano waliondoka moja kwa moja na hawajarudi hadi leo. Lakini aliyetoa nusu anakuja kuchukua nguo yake, tena anakuja kabla ya siku, anakusumbua! Jana jioni nimehesabu ukuta: zimebaki nguo tisa, na sita kati ya hizo ni zile za kabla ya Agosti. Dera la kijani bado lipo.

Ukiniuliza kilichofanya kazi mwaka 2024 ni hicho. Vingine vilisaidia tu. Cherehani cha miguu kiliniokoa miezi ya mwanzo tulipokuwa kwenye mgao wa umeme, kabla mitambo ya bwawa la Nyerere kule Rufiji haijaanza kutuletea nafuu. Sare za Januari nusu yake zilishonwa kwa magoti. Mwezi huo peke yake uliingiza 3,290,000, karibu robo ya mauzo ya mwaka mzima. Nimeitazama namba hiyo mara tatu. Maana yake ni kwamba Januari ikiniharibikia, miezi 11 inayofuata ni ya kuomboleza.

Na treni. Tangu Septemba naenda Kariakoo kwa treni ya umeme, nauli 13,000, na mchana bado nina nguvu za kubishana bei. Zamani basi lilikuwa linanila siku nzima. Majora ya kitambaa nayatuma kwa basi kama kawaida, maana mzigo mkubwa si wa kupanda nao kule.

Ila safari niliyojifunza zaidi ilikuwa ya hasara. Juni 25, siku ya pili ya mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo. Habari za Jumatatu nilizisikia, nikasema Jumanne watakuwa wamefungua, nikapanda basi la alfajiri na 640,000 kwenye mkanda wa fedha. Nikakuta milango imeshuka mtaa mzima. Nikanunua chungwa, nikala nimesimama, nikarudi Morogoro. Simu moja ya shilingi mia ingeniokoa. Siku hizi muuzaji wangu wa tetroni nampigia kwanza, ananiambia ana rangi gani na bei gani, na mara nyingine namtumia hela anapakia mzigo bila mimi kuondoka.

Kosa kubwa la mwaka ni la Septemba. Nilipokea sare 24 za kitenge za sendofu, siku 11 mbele, huku nina kazi nyingine mkononi. Nilijua haitawezekana. Nilikubali kwa sababu ilikuwa hela nyingi kwa mpigo na shangazi wa bibi harusi alikuwa mcheshi. Usiku wa kuamkia sherehe nguo saba zilikuwa hazijaisha. Shangazi yule yule mcheshi alilala ofisini kwangu, kwenye benchi, kajifunika kitenge cha sare, na kila nikisimamisha cherehani anafungua jicho moja. Tano zilikamilika alfajiri. Wanawake wawili waliingia ukumbini na nguo zao za nyumbani. Nilirudisha 90,000 na nikaomba radhi kwa familia nzima. Hata sasa nikipita mtaa ule naongeza mwendo.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa na mafundi tukapima uwezo wetu kwa ukweli. Sisi watatu, umeme ukiwepo, tunatoa magauni matano kwa siku, sita tukijibana. Kumbe sikuwahi kujiuliza. Tarehe nilikuwa nataja kwa kumwangalia mteja usoni.

Sasa mwaka 2025. Watu wananiambia nifungue ofisi ya pili Kihonda. Hapana, sina hata ukuta safi kwenye hii moja. Kikundi chetu cha akina mama kinataka tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia nne ya wanawake. Hauna riba, na kwa hilo nawaunga mkono, lakini mimi fungu langu nimeomba lisubiri hadi Julai. Nataka nione miezi sita ya hesabu safi kwanza, nijue kama ninachokosa ni mtaji au ni nidhamu.

Nimejipangia kujilipa 200,000 kila tarehe 30, iingie kwenye laini yangu binafsi, na laini ya ofisi isiguswe kwa sukari wala kwa vocha. Daftari la tarehe lipo ukutani tayari, mistari mitano kila siku. Mstari ukijaa, mteja anapewa siku inayofuata au aende kwa mwenzangu wa jirani, ambaye anashona vizuri, sioni wivu. Kazi za harusi sitachukua mbili kwa wiki moja. Tetroni nyeupe ya Januari 2026 nitaanza kuinunua Agosti, jora moja moja, badala ya kuikimbilia Desemba wakati kila fundi wa nchi hii anaitafuta. Na binti ninayemfundisha ajue kukata ifikapo Juni. Kwa sasa anayekata ni mimi tu, nikiugua malaria siku tatu ofisi inasimama. Ovaloki nayo inahitaji fundi. Hilo nimeliandika na 2023.

Oktoba kuna uchaguzi mkuu. Kazi za vitenge na fulana za kampeni zitakuja, kwa haraka na kwa ahadi. Rangi yoyote naishona. Nusu inatangulia.

Kwa mlionitangulizia mwaka jana nusu, mkavumilia, mkaniletea na majirani zenu, asanteni sana. Mwenye dera la kijani, kama unasoma hapa: limefuliwa na kupigwa pasi mara mbili, salio lako ni 7,000, njoo tu, sitasema neno.

Nimekatishwa hapa. Amegonga mama mmoja na mtoto wa kiume anayeanza darasa la kwanza, amemshika mkono, kijana ananitazama mkasi kama ninataka kumkata yeye. Shati mbili na kaptula moja, zote 26,000. Nimechukua vipimo, nimefungua daftari, Jumanne ina mstari mmoja wazi. Nikamwambia mama, nusu kwanza. Akageuka pembeni, akafungua pindo la khanga, akahesabu 13,000 mezani. Nimemwandikia Jumanne saa kumi jioni.