Slaidi za mnyororo wa elektroni na kemiosmosisi: tufuate nishati

Dogo nimezipitia slaidi zako zote. Ziko poa ila zimepangwa kama daftari la mahudhurio, kompleksi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukianza kukariri hivo utachoka kabla hujafika slaidi ya 6. Tufanye hivi, majina yaache kwanza, tuulize swali moja tu kila slaidi: nishati saa hizi iko wapi na imekaa kwa umbo gani.

Anza na unachokijua. Glaikolisisi ATP inapatikanaje? 1,3-bisfosfogliserati ana fosfeti yake anamkabidhi ADP, basi, baadae PEP nae anafanya vilevile. Hiyo itoe kichwani ukifika huku maana huku hakuna molekuli yoyote inayomkabidhi ADP fosfeti, watu waliitafuta hiyo molekuli ya kati miaka na miaka hawakuiona, mpaka Peter Mitchell mwaka 1961 akasema jamani haipo, nishati inakaa kwenye tofauti ya protoni pande mbili za utando. Wengi walimbishia sana, ila 1978 akapewa Nobeli.

Sasa slaidi ya 3. Ile hatua ya gliseraldehaidi-3-fosfeti iliyokupa NADH, pamoja na NADH za piruveti na za mzunguko wa Krebs, hizo ndo mtaji wetu. NADH ina elektroni mbili ambazo haizishikilii kwa nguvu, oksijeni yenyewe inazitaka balaa. Kwa namba: NADH iko -0.32 V, oksijeni iko +0.82 V, tofauti 1.14 V. Zidisha kwa elektroni 2 na kwa 96.5 unapata kama 220 kJ kwa kila moli ya NADH. Kutengeneza ATP kwa hali sanifu ni 30.5 tu. Ukiziachia elektroni ziruke moja kwa moja mpaka kwenye oksijeni hizo 220 zote zinaishia kuwa joto hupati kitu, ndo maana seli inazishusha kidogo kidogo, na kila kwenye mteremko mkubwa imeweka pampu, yani kompleksi, rundo la protini lililokaa kwenye utando wa ndani wa mitokondria.

Slaidi ya 4 mpaka 7 ni hiyo miteremko tu. Kompleksi ya kwanza inapokea elektroni za NADH kupitia FMN na vile vifungu vya chuma na salfa inazipeleka kwa ubikwinoni, hapo umeshuka kama 0.36 V, zinasukumwa protoni 4 kutoka matriksi kwenda ile nafasi kati ya tando mbili. Kompleksi ya tatu inazitoa kwa ubikwinoni kwenda saitokromu c, protoni 4 tena (ule mzunguko wa Q waliouchora kwa mishale kumi na kitu uangalie siku nyingine, leo utakuchanganya bure). Kompleksi ya nne inazitoa saitokromu c inazipeleka kwa oksijeni, inasukuma 2. Jumla 10 kwa NADH moja.

Utaniuliza mbona ya nne ina mteremko mkubwa kuliko wote alafu inasukuma 2 tu. Swali zuri hilo, cheki slaidi ya 7 kwenye kona ya chini kulia, kuna protoni 2 nyingine zinatolewa matriksi zinaungana na oksijeni kuwa maji. Hazijavuka utando ila matriksi imezipoteza, na chaji nazo zimehesabika.

Kompleksi ya pili ndo wengi wanakosea mtihani. Saksineti iko +0.03, ubikwinoni iko kama +0.045, yani tofauti karibu hamna, sasa utasukuma protoni kwa nishati gani? Kwa hiyo haisukumi chochote, elektroni za saksineti, zinazobebwa na FADH2, zinaingilia kwa ubikwinoni zimeshairuka pampu ya kwanza, unabaki na protoni 6 badala ya 10. Ukielewa mteremko huna haja ya kukariri hilo.

Hapa ndo simama kidogo. Mpaka sasa elektroni zimemaliza kazi, zimekuwa maji, na ATP haijatengenezwa hata moja. Nishati imehama. Fikiria nyumba yenye tenki juu ya paa, umeme unaendesha pampu, pampu inapandisha maji, umeme wenyewe hauingii kwenye tenki ila kazi yake imebaki kule juu. Tenki letu ni protoni zilizojaa nje ya matriksi, na nguvu yake ina sehemu mbili: tofauti ya pH, na tofauti ya chaji ambayo kwenye mitokondria ndo kubwa zaidi. Jumla ni kama 0.2 V, yani takriban 20 kJ kwa moli ya protoni, mara 10 unapata kama 200 kati ya zile 220. Yani hasara ni ndogo sana, mimi hii namba ndo ilinifanya nilipende hili somo.

Slaidi ya 9, ATP sinthezi. Utando wa ndani haupitishi protoni hovyo, njia kuu ya kurudi ni hii. Protoni inapanda kwenye ile ringi ya chini iliyomo ndani ya utando, ringi inazunguka, inazungusha mhimili wa katikati, na mhimili unabana na kuachia zile sehemu tatu za juu kwa zamu. Kitu ambacho slaidi imekipitia haraka sana: ADP na fosfeti vikishabanwa pale ndani vinaungana karibu bila gharama, nishati kubwa inatumika kuiachia ATP itoke. Hilo ni la Paul Boyer, Nobeli ya 1997, na mwaka huohuo Wajapani wakafunga kijiuzi cha aktini kwenye mhimili wakakiona kwa darubini kinazunguka kweli. Hesabu ni protoni 4 hivi kwa ATP moja ukijumlisha na gharama ya kuingiza fosfeti, ndo 2.5 kwa NADH na 1.5 kwa FADH2. Zile 3 na 2 za vitabu vya zamani achana nazo.

Sumu za slaidi ya 12 zisome kwa picha ya tenki. Sayanaidi inaziba kompleksi ya nne, elektroni zinakwama mpaka nyuma, pampu zote zinazima, NADH inarundikana, seli inabaki na glaikolisisi na kutengeneza lakteti ili irudishe NAD+ (ndo maana mihogo michungu inalowekwa na kuanikwa kabla ya kuliwa). DNP yenyewe haizibi kitu, inatoboa tenki: inabeba protoni inazivusha utando, pampu zinafanya kazi kwa kasi kuliko kawaida, oksijeni inatumika sana, ATP haitoki, kinachotoka ni joto. Miaka ya 1930 Marekani watu walikuwa wanaimeza kupunguza mwili na wengine walikufa kwa joto. Watoto wachanga wana tundu la namna hiyo la makusudi kwenye mafuta ya kahawia, linaitwa thamojenini.

Sasa kazi yako. Mitokondria ziko kwenye chombo, zina saksineti, ADP na fosfeti, unapima oksijeni. Weka oligomaisini, inaziba njia ya protoni kwenye ATP sinthezi. Subiri kidogo, alafu ongeza DNP. Nichoree grafu ya oksijeni toka mwanzo mpaka mwisho, na kila inapopinda uandike tenki limefanyaje. Piga picha unitumie kabla ya tyutorio ya alhamisi.