Kanyaga

"Weka uzito," Bi Mwanaidi alisema. "Hapo hujaweka, umegusa tu."

Aika alikuwa amesimama katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, mguu wa kushoto sakafuni, wa kulia, ule wa bandia, juu ya mizani ya kupimia watu. Alikuwa na kilo 52. Mshale ulikuwa umekwama kwenye 11.

"Nikiweka zaidi utavunjika, mama."

"Hautavunjika. Mafundi wameutengeneza ubebe mtu mzima na gunia lake la mahindi. Tunataka 26, nusu kwa nusu. Nyonga ipeleke kulia. Nyonga, mwanangu, siyo bega."

Aika akasogeza nyonga. Mshale ukapanda hadi 17, akashtuka, akakamata vyuma kwa nguvu, ukarudi 9. Bi Mwanaidi hakusema kitu. Alisubiri, mkono wake mmoja ukiwa nyuma ya mkanda wa mgonjwa wake, kama alivyosubiri tangu wiki zile za mwanzo wodini.

Wakati huo hapakuwa na mguu wa bandia wala tumaini lake. Bodaboda aliyopanda Aika kutoka Kiboriloni ilikuwa imeburuzwa na lori, na madaktari walikata chini ya goti. Mama yake, kwa huruma, aliweka mto chini ya kile kigutu ili binti apumzike. Bi Mwanaidi aliingia, akaitikia shikamoo, akautoa mto ule siku hiyo hiyo. Aliwaeleza wote wawili bila kuficha: goti likizoea kukunjwa halitanyooka tena, na goti lisilonyooka halivai mguu. Akamfundisha Aika kulala kifudifudi ili nyonga nayo isikunjamane, na kufunga bandeji kwa mtindo wa namba nane, ikikaza zaidi chini na kulegea kuelekea juu, ili kigutu kinywee na kupata umbo.

Usiku vidole vya mguu usiokuwepo vilimuuma. Shangazi aliyetoka Uru alisema mguu umezikwa vibaya, umepinda huko ardhini, ufukuliwe unyooshwe. Aika aliogopa kumsimulia Bi Mwanaidi, lakini maumivu yalimzidi, akasema. Yule mama hakucheka.

"Mguu haukupinda popote. Ubongo wako bado una ramani ya vidole vile, unavitafuta, hauvipati. Maumivu ni ya kweli, usikubali mtu akwambie unajifanya." Akaleta kioo kirefu, akakisimamisha katikati ya mapaja ya Aika ili mguu mzima uonekane mahali pa ule mwingine. "Chezesha vidole taratibu, ukitazama kioo." Aika alichezesha. Alilia sana siku ile, na usiku akalala kidogo.

Kidonda kilipokauka vizuri, fundi wa viungo bandia alikifunga kigutu kwa plasta, akapata umbo lake. Juu ya umbo hilo akafunika bamba la plastiki lililotoka kwenye oveni likiwa laini, pampu ikavuta hewa, plastiki ikashika kila bonde na kila mwinuko. Aika alidhani atakalia ncha ya kigutu. Fundi akamgusa chini ya kifupa cha goti, kwenye ule mshipa mgumu: uzito mwingi utakaa hapa, ncha isibebeshwe. Mguu ulikuwa na rangi ya kahawia isiyofanana na ya mtu yeyote wa ukoo wao. Hilo lilimuumiza kuliko alivyotegemea, na hakuna aliyemwambia asilie.

Alipofika 26 kwenye mizani, vyuma vilibaki vya kushika kwa mkono mmoja, kisha kwa vidole, kisha akapewa gongo. Hapo ndipo Bi Mwanaidi alipoacha kutazama miguu yake, akageuka ukutani.

"Tembea. Mimi nasikiliza."

Aika akatembea hadi mlangoni na kurudi.

"Umesikia?"

"Nini, mama?"

"Wewe ni fundi cherehani. Mashine ikiruka mshono hujui?"

Alijua. Kabla ya ajali alikuwa na miaka miwili kwenye kibanda cha kushona karibu na soko la Mbuyuni, na kabla ya kuuona uzi uliokatika alikuwa ameshausikia. Akatembea tena, safari hii akisikiliza. Mguu wa bandia ulitua na kuondoka haraka, ule mzima ukakaa sana. Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Akajaribu kuukalia ule wa kulia kwa muda sawasawa na wa kushoto. Palepale akagundua jambo ambalo maelezo yote hayakuwa yamemfikisha: unyayo wa bandia hauhisi kitu, lakini sakafu ilikuwa inampasha habari kupitia soketi, ile plastiki iliyoshika kigutu. Kisigino kikigusa, shinikizo lilikuja nyuma ya kigutu. Akisonga juu ya unyayo, likahamia mbele, chini ya goti.

"Naihisi chini," alisema. "Mama, naihisi!"

"Haya. Sasa tuna kazi ya kufanya."

Kazi yenyewe ilikuwa na siku mbaya. Baada ya kila zoezi walivua mguu na kukagua ngozi. Wekundu unaofifia baada ya dakika kumi hivi haukuwatisha. Ule wa mbele, juu ya mfupa wa muundi, haukufifia, na Aika aliuficha kwa kuvuta soksi haraka, kwa hofu ya kurudishwa kitandani. Bi Mwanaidi aliishusha ile soksi, akatazama, akakaa chini.

"Ukinificha kidonda kimoja, tutapoteza mwezi. Ukiniambia, fundi anapasha moto plastiki, anaisukuma nje kidogo, kesho kutwa unatembea."

Fundi akaisukuma. Aika akajifunza pia kwamba kigutu hunywea kadiri siku inavyokwenda, mguu ukaanza kucheza. Dawa yake ni kuongeza soksi nyingine juu ya ile ya kwanza. Alijifunza kuanguka kwenye godoro na kuinuka bila kuvutwa mkono. Ngazi zilikuwa na kanuni yake: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, wa bandia utangulie. Kwao Uru hakuna ngazi, kuna mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza masika yote, kwa hiyo Bi Mwanaidi alimtoa nje, kwenye kinjia nyuma ya jengo la kufulia, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Walishuka kiubavu, hatua fupi, wakiloa pindo.

Cherehani ya miguu ilikuwa kwenye chumba cha kushonea mashuka ya hospitali. Aika aliweka miguu yote miwili kwenye pedali kama zamani, ikakwama: unyayo wa bandia haukunji kifundo. Akausogeza pembeni ule wa kulia, akatumia wa kushoto peke yake. Pedali ilirudi kinyume, uzi ukakatika, akatunga tena. Kabla ya saa ya chai alikuwa ameshona upindo wa shuka zima, na wale akina mama wa chumba kile wakaukagua kwa macho makali, wakamsogezea shuka la pili.

Bi Mwanaidi alikuja Jumatatu na kitenge.

"Nataka gauni. La harusi ya mpwa wangu kule Tanga, Jumamosi ya wiki ijayo."

Aika akapima mabega, kifua, kiuno. Palibaki urefu. Akashika kiti, akarudisha nyuma mguu wa bandia, akashusha goti lake taratibu hadi sakafuni, akavuta tepu hadi kwenye kifundo cha Bi Mwanaidi.

"Lifunike viatu?"

"Lisifunike. Nataka kucheza."

Aika akasukuma kwa mguu wa kushoto, akasimama, akaandika vipimo kwenye daftari.

"Utanipa elfu kumi ya kutangulia, mama. Ya uzi na zipu."

"Kumi? Mgonjwa wangu mwenyewe?"

"Kumi," alisema Aika. "Na njoo kupima Alhamisi, usichelewe."