Tathmini ya Utendaji: Karani wa Mishahara, Julai 2024 – Juni 2025

Maelezo haya yametokana na orodha ya nukta saba aliyoniletea mwenyewe. Ni mtu wa maneno machache hata kwenye karatasi: nukta ya kwanza inasema tu "NHIF kwenda SHIF, imekamilika". Maneno manne hayo yamebeba wiki tatu za kazi.

Oktoba 2024 makato ya bima ya afya, ambayo hapo awali hayakuzidi shilingi 1,700 kwa mwezi, yaligeuka kuwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Meneja wa shilingi 120,000 alianza kukatwa 3,300. Karani alipitia faili za wafanyakazi wote 142 wa kiwanda chetu hapa Eneo la Viwanda, akakuta 31 hawajajisajili na SHA. Badala ya kubandika tangazo na kungoja, alikaa nao kantini saa ya chakula cha mchana, mmoja mmoja, simu mkononi, mpaka wote wakaingia. Pia aliwapa watu jedwali la makato ya zamani na mapya kabla ya siku ya malipo. Nilitarajia foleni mlangoni mwangu, walikuja sita.

Desemba ilikuwa ngumu zaidi. Sheria iliyoruhusu SHIF na ushuru wa nyumba kuondolewa kabla ya kukokotoa PAYE ilianza tarehe 27, nasi tulikuwa tumeshalipa mishahara ya mwezi huo. Alikatiza likizo yake kwa siku mbili, akakokotoa upya kodi ya kila mtu na kuwasilisha hesabu kabla ya tarehe 9 Januari. Waliokuwa wamekatwa zaidi walirudishiwa kwenye mshahara uliofuata. Viwango vipya vya NSSF vya Februari navyo aliviingiza bila kosa.

Aliweka pia kwenye orodha "mishahara kwa wakati, miezi 12". Hiyo ni kazi yake, lakini katika mwaka uliobadilisha makato mara tatu sikuona haki kuifuta. Nukta mbili za mikutano na utunzaji wa faili nimeziacha. Ile ya ovataimu aliiandika mwisho kabisa, nami ningeiweka juu: aligundua saa za zamu ya usiku zinahesabiwa mara mbili kila zamu inapovuka usiku wa manane wa mwisho wa mwezi, akarekebisha fomu pamoja na wasimamizi wa zamu bila kumwaibisha yeyote.

Upungufu ni mmoja. Hatua za kazi hii zimo kichwani mwake tu. Alipougua siku nne mwezi Mei, idara ilibaki ikimpigia simu kitandani. Kufikia Desemba 2025 aandike mwongozo wa orodha ya mishahara, na karani msaidizi aandae mishahara ya mwezi mmoja mzima yeye akitazama tu.

Alama ninayopendekeza: 4 kati ya 5.