Kauli za vitani: askari wa Mjerumani, Mahiwa, Oktoba 1917

Katika mchezo huu mchezaji yuko upande wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Adui naye anasema Kiswahili, kwa hiyo mchezaji anaelewa kila anachopaza adui, na hicho ndicho kipimo pekee cha ari ya adui: hakuna mstari wa rangi juu ya vichwa. Amri za Kijerumani ni za afisa mzungu, ziko faili jingine.

Kikosi cha watu 8 kinaanza na ari 70. Mwenzao akifa ndani ya mita 10, toa 5. Ombasha, kiongozi wao, akifa, toa 15. Bombomu, bunduki yao ya rashasha, ikinyamaza, toa 20. Ikianza tena, rudisha 10 tu. Ari 50 na zaidi ni THABITI, 20 hadi 49 WASIWASI, chini ya 20 KUVUNJIKA.

```
kimya_kikosi = 2.5
kimya_askari = 8
rudia_kauli = baada_ya_fungu_kwisha
```

Muda ni kwa sekunde: kimya kati ya kauli mbili, za kikosi kizima na za askari mmoja. Bila mstari wa tatu, bahati nasibu itatoa kauli ileile mara mbili mfululizo, na mchezaji huikumbuka hiyo kuliko nyingine zote.

Kumwona adui
THABITI: "Mwache asogee kwanza." / "Nimemwona. Wangu huyo." / "Kaeni tayari!"
WASIWASI: "Wengine tena!" / "Hawaishi hawa?" / "Shaushi, wako wengi!"
KUVUNJIKA: "Yuko wapi? Yuko wapi?" / "Wametuzunguka!"

Ya mwisho itoke tu ikiwa kweli kuna adui nyuma yao. Askari akidanganya mara moja, mchezaji ataacha kuwasikiliza wote.

Kujaza risasi
THABITI: "Najaza, nilinde!" / "Kidogo tu, najaza."
WASIWASI: "Nigawie risasi!" / "Mkoba umekuwa mwepesi."
KUVUNJIKA: "Tano tu, basi!" / "Mikono, tulia!"

Bunduki ya modeli 71 hujazwa risasi moja moja. Kichocheo cha kauli kikifungwa kwenye kila risasi, askari hatapumua. Kifungwe kwenye kila ya 6. "Tano tu" isubiri hesabu ya kweli ifike 5.

Moshi (wenye modeli 71 peke yao)
THABITI: "Piga, kisha hama!" / "Moshi umeinuka, sogea!"
WASIWASI: "Moshi wako watuonyesha!" / "Usipigie karibu nami!"
KUVUNJIKA: "Moshi huu utatuua!" / "Itupe bunduki hiyo!"

Hili ndilo fungu lenye faida kubwa kwa mchezaji. Baruti nyeusi hutoa wingu jeupe linaloonyesha mpigaji alipo, na kauli hizi zinamfundisha kutafuta wingu hilo bila maelezo ya skrini. Wenye bunduki mpya za kutekwa wasiziseme kamwe.

Ombasha ameanguka
Kimya cha sekunde 1.5 kwanza, kikosi kizima. Kisha sauti moja tu.
THABITI: "Nifuateni mimi!" / "Ombasha kaanguka, msivunje mstari!"
WASIWASI: "Ombasha! Ombasha, jibu!" / "Nani anaongoza sasa?"
KUVUNJIKA: "Basi tena. Basi." / "Turudi, jamani, turudi!"

Anayesema "Nifuateni mimi!" lazima asogee mbele angalau mita 5. Akibaki amelala, kauli inageuka kichekesho.

Vita vikitulia (sekunde 20 bila risasi, sauti ya chini)
THABITI: "Maji yamebaki?" / "Safisha bunduki, watarudi."
WASIWASI: "Mshahara hadi lini?" / "Wapagazi wamekimbia usiku."
KUVUNJIKA: "Mke wangu yuko kambini." / "Ng'ambo ya Ruvuma kuna nini?"

Aliyebaki peke yake
"Kuna mtu hapo?" / "Jibuni, jamani!"
Injini ihesabu walio hai ndani ya mita 40. Ikipata sifuri, kauli zote za kumwita mwenzake zizimwe, ikiwemo "nilinde".

Kusalimu amri
"Usipige, ndugu! Naweka bunduki." / "Nimeiweka chini, tazama."
Baada ya hapo anyamaze kabisa. Mchezaji akimpiga, wenzake walioona wapandishwe ari 10 na mmoja apaze: "Msisalimu! Wanaua tu!"

Kurekodi: waigizaji 3, kila kauli mara mbili, ya karibu na ya kupaza, kati ya sekunde 0.6 na 1.8. KUVUNJIKA irekodiwe mwishoni, koo likiwa limechoka tayari. Hofu isiigizwe kwa kulia. Pumzi ifupishwe tu.

Zilizokatwa: "Kwa ajili ya Kaisari!" (hakuna anayesema hivyo akiwa majanini na risasi 5). "Mtajuta kuzaliwa!" (haitoi habari yoyote). "Nanyi mwasema Kiswahili? Njooni kwetu!" inabaki, lakini mara moja tu kwa vita vyote, ikisikika mara ya pili inachosha.